Swali Kabla ya Alama za Vidole

Dada yangu alinikanya asubuhi hiyo tukikamua ng'ombe. "Wewe na hiyo mdomo yako! Ukifika huko, funga. Wakikuuliza ndio ujibu." Nikamwitikia sawa. Nilikuwa nimepita mahojiano ya kazi ya matroni katika shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa Kiganjo, na kazi hiyo niliitaka kufa na kupona. Tangu mume wangu afariki nilikuwa nikichuma kahawa ya watu, na mgongo ulikuwa umeshakataa.

Shida yangu ilikuwa muratina. Miaka mingi nyuma, ndugu yetu alipokuwa akipeleka ruracio, yaani mahari, mimi ndiye niliyetengeneza muratina, pombe ya wazee. Sasa ruracio bila muratina, wazee watakaa tu wakitazamana? Kumbe kuitengeneza bila leseni ni kosa; polisi wakaja, wakatubeba mimi na vibuyu vya pombe. Kortini, wanawake niliowakuta huko waliniambia jambo moja: sema ni kweli, ulipe faini, urudi nyumbani ukamue. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Nikasema ni kweli, nikarudi nikidhani yamekwisha. Hakuna aliyeniambia kwamba nimehukumiwa, na kwamba hukumu haibaki kortini mtu akienda nyumbani.

Basi tukakusanywa kwenye bwalo, sisi tuliobaki baada ya mahojiano. Afisa wa wafanyakazi, mama mrefu mwenye sweta ya kijani, akatwambia hawajachagua mtu bado. Kwanza kila mmoja aende Huduma Center, ofisi za serikali pale Nyeri mjini, achukuliwe alama za vidole, za kuombea cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi. "Kuna swali?" akauliza.

Mkono wangu ukapanda kabla sijaupa ruhusa.

"Madam, mimi niliwahi kuhukumiwa na korti. Kabla niende kuchukuliwa alama, nataka kujua: hiyo inanitoa moja kwa moja, ama mnaangalia ni kosa gani?"

Yesu wangu! Hata mimi nilishtuka kusikia sauti yangu. Vikombe vya chai vilisimama hewani. Mama aliyeketi kando yangu, amejifunga kitambaa cha kanisa vizuri kabisa, akauvuta mkoba wake kutoka kwenye benchi akauweka mapajani, akaukumbatia. Niliona. Nikasikia uso unawaka, nikamlaani dada yangu kwa kuwa amesema kweli.

"Ni swali nzuri," afisa akasema. "Mengine usiseme hapa. Kuja ofisini."

Nilimfuata nikijua naambiwa niende nyumbani. Kumbe aliniuliza mambo machache tu: kosa gani, lini, na adhabu ilikwisha? Nikaanza habari za ruracio, vibuyu, wazee. Akainua mkono. "Harusi sijakuuliza, mama." Kisha akanieleza polepole. Hapa kuna watoto, kwa hivyo aliyehukumiwa kwa kumdhuru mtoto hapiti, hata aje akilia. Mengine wanaangalia ni kosa la namna gani, ni la zamani kiasi gani, na linagusa vipi kazi yenyewe.

"Sikuahidi kazi, jopo ndilo linaamua," akasema. "Lakini hii haikutoi leo. Niletee nakala ya uamuzi wa korti, na uende ukachukuliwe alama kama wengine. Ukificha tuje kuona wenyewe, hapo ndipo ninashindwa kukutetea."

Ati hivyo tu? Nilikumbuka kazi ya kufua katika hospitali, na ile ya jikoni kule Sagana, zote nilizozikimbia mara tu niliposikia neno cheti. Miaka yote hiyo hakuna aliyenikataa. Nilikuwa nikijikataa mwenyewe, na sikuwahi kumwuliza mtu hata mmoja. Hasira zilinipanda nikataka kulia, nikataka kucheka, sikujua nianze na lipi. Kazi nilikuja kuipata, lakini siku hiyo sikulijua hilo.

Nikafungua mlango nitoke. Ngai! Nilidhani wenzangu wameshaenda Nyeri. Walikuwa wamejipanga ukutani, karibu nusu ya wale waliokuwa bwaloni, kila mtu anatazama viatu vyake. Hakuna aliyekuwa ameitwa. Na wa kwanza kabisa, karibu na mlango, alikuwa yule mama wa kitambaa cha kanisa.

Akanishika mkono wa sweta yangu. "Mama, ebu niambie," akanong'ona. "Umemwuliza aje? Ni maneno gani umetumia?"

Nikamwambia. Akayarudia mara moja. Kisha akanipa mkoba wake nimshikie, akaingia.