Viazi Baridi vya Mama Filbert

Jua la Februari mwaka huu halikuwa na adabu. Saa sita mchana, lami ya Mtaa wa Sikukuu ililainika mpaka kandambili zikanasa, na Evarista, anayejulikana Kariakoo nzima kwa jina la mwanawe, yaani Mama Filbert, alikuwa amesimama kati ya majiko mawili ya mkaa akisonga ugali ambao hakuna aliyeutaka.

Wateja wake ni makuli, wale wabeba marobota wa maduka ya vitambaa. Ni watu wa kula hasa, wa kuomba nyongeza kabla hawajamaliza. Lakini joto lilipopanda walianza kumpita. Walikunywa soda, wakatafuna biskuti, wakarudi mzigoni. Sufuria zilirudi nyumbani zimejaa, na Evarista alijua wiki mbili za namna hiyo zingetosha kumfungia biashara. Siku kuli mmoja, Athanas, alipopata kizunguzungu akaanguka na robota lake, hofu ya biashara ikachanganyika na huruma. Hawa vijana wangekufa kwa biskuti.

Kesho yake aliamka kabla ya adhana. Alichemsha viazi vitamu, akakaanga dagaa mpaka wakakauka, kisha akazima jiko na hakuliwasha tena siku hiyo. Maharage ya nazi aliyaacha, maana kwa joto lile nazi ingechacha kabla ya saa nne. Maziwa ya mgando aliyatia kwenye deli lenye barafu. Nyanya, matango na maparachichi alivibeba vizima, avikate palepale.

Mchana ulipofika alipanga sahani moja kwanza. Aliweka vipande vya viazi, dagaa pembeni, na kachumbari ya vitunguu alivyoviosha kwa chumvi kuondoa ukali, akaikamulia ndimu. Chumvi ya kachumbari aliiweka mwisho, isije ikatoa maji. Bakuli la mgando likafuata. Hata yeye mwenyewe aliitamani.

Mbaruku, mkubwa wa makuli, alikuja akifuta jasho. Akakigusa kiazi kwa mgongo wa kidole.

"Mama Filbert, hiki kiporo."

"Nimechemsha leo alfajiri."

"Moshi uko wapi? Chakula hakina moshi, kimelala hicho. Kiporo anapewa mtu wa nyumbani aliyechelewa kurudi. Sisi tunalipa."

Wenzake wakacheka, wakaanza kuondoka. Evarista alihisi uso unamwaka, na safari hii si kwa mkaa. Alitaka kuwajibu jibu ambalo wasingelisahau. Badala yake akahisi njaa. Tangu joto lianze, yeye naye hakuwa akila. Nani ana hamu ya kula akishashinda na moto?

Akavuta benchi la wateja, akakaa, akaisogeza ile sahani mbele yake.

Alikula bila kumtazama mtu. Kiazi, dagaa, kachumbari kidogo, kijiko cha mgando. Ubaridi wa maziwa ulimshuka kifuani akafumba macho. Alisahau kwamba yuko barabarani.

Alipoyafumbua, makuli walikuwa wamesimama wakimtazama.

"Unakula," alisema Mbaruku.

"Sasa nisile?"

"Sijawahi kukuona. Miaka yote hii."

Ilikuwa kweli. Mama lishe hali na wateja. Huwapakulia, huwaoshea vyombo, kisha hukwangua ukoko amesimama nyuma ya sufuria watu wakishaondoka. Mbaruku alimwangalia kama mtu aliyegundua kitu cha aibu nyumbani kwake.

"Mpishi akila mwenyewe, si kiporo," alisema Athanas, akakaa upande wa pili wa benchi. "Mimi niwekee. Na parachichi."

Mbaruku alisimama kidogo kulinda heshima yake, halafu naye akakaa. Alimaliza sahani, akalamba vidole, akaomba mgando wa pili kwa sauti ya chini sana. Siku ile deli lilirudi nyumbani jepesi, na majiko ya pale mtaani hayakuwashwa mpaka mvua za kwanza zilipoanguka.

Mvua zilipokuja ugali ulirudi na moshi wake. Evarista akarudi nyuma ya sufuria, akapakua, akaanza kukusanya vyombo. Mbaruku alikuwa bado hajagusa tonge. Aliketi ukingoni mwa benchi, nafasi ya mtu mmoja ikiwa wazi kando yake.

"Mama Filbert, ugali unapoa," alisema.

"Si ule?"

"Tunakusubiri wewe."

Evarista alifuta mikono kwenye kanga, akajipakulia, akaenda kukaa.