Maneno Juu ya Kitufe cha Kuagiza

Mama mwenye duka la viatu aliniambia, "Watu wanajaza kikapu kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, wakifika kwa kulipa wanakimbia. Ikiendelea hivi ninaufunga, na wewe utarudi kwenu." Kazi yangu ilikuwa kuwajibu wateja kwa simu, na nyingine sikuwa nayo.

Kwa woga nilijaribu kununua kama mteja. Mwishoni niliulizwa nyumba yangu iko wapi, kisha nikaambiwa nilipe yote kwanza. Vidole vyangu vikasimama. Siku hizi hapa Goma, nani anamwonyesha mutu asiyemjua mlango wake?

Nikaandika polepole maneno ya kuweka juu ya kitufe cha kuagiza: "Usilipe sasa. Chagua mahali pa wazi pa kukutana. Nyumba yako hatuiulizi. Motari atakupigia kabla ya kuleta viatu kwa pikipiki. Vaa viatu kwanza, kisha lipa mkononi au kwa simu. Namba yako ya siri hatuiombi kamwe."

Mama alisoma. "Na wakivaa, wakakataa?"

"Motari atavirudisha, mama."

"Na essence ya pikipiki nitalipa mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi unaniogopa, lakini kumaliza essence yangu huogopi! Haya, weka."

Kesho yake mwanamke mmoja aliagiza, akachagua lango la parokia. Motari aliondoka, nami nikawa naitazama simu kila mara. Nikawaza: pengine mwanamke amemwona motari, akaogopa, akaenda zake.

Ikalia. Ni yule mwanamke.

"Viatu vinanibana," alisema. "Mulete namba kubwa. Ninangoja hapa hapa."