Handaki la Daktari

Mkurugenzi wetu alikuwa daktari, ila si wa kutibu. Alikuwa amesomea uongozi mpaka uongozi ukamwishia, na ukimwita Bwana badala ya Daktari alikuwa hasikii. Kliniki aliyoiongoza iko Dandora, ya chanjo za watoto, na mimi ndiye niliyekuwa nikitunza kompyuta zake. Za mapokezi zilikuwa pale pale. Databesi yenyewe, yenye majina ya watoto wote waliowahi kudungwa sindano kwetu, ilikaa kwenye seva ya kukodi mjini. Nyumbani kwangu ni Kware, katika ghorofa ambayo jua tunalisikia tu likisifiwa na wapangaji wa juu, na kazi nyingi niliifanya nikiwa nimekaa kitandani na laptopu mapajani.

Kisa kilianza Daktari alipotaka kuitazama databesi akiwa kwake, upande ule wa jiji wenye miti. Alinipigia simu akaniambia nimfungulie mlango. Alikuwa ameisikia namba ya mlango huo wa databesi mahali, 5432, na aliitamka taratibu, kama mtu anayenifundisha jina la mtoto wangu.

Nikamweleza kwamba databesi yetu haina mlango wa barabarani, na kwamba haukosekani kwa bahati mbaya. Mbele yake kuna seva ndogo tunayoiita ya geti. Atakaye kuifikia kutoka nje hupita getini kwa SSH, njia ya siri ya kompyuta moja kuingia nyingine, kwa ufunguo wake, na hiyo 5432 inawasikiliza walio ndani tu. Kuifungulia dunia nzima ili mtu mmoja asome ripoti ni kubomoa ukuta ili paka apite, na wageni wa mtandao hawapigi hodi. Akasema mashirika mengine hufungua. Nikamjibu kwamba hayo ndiyo tunayosoma habari zake yakishaibiwa.

Alinuna. Lakini si mtu wa kuachwa bila kitu, kwa hiyo nikampa handaki. SSH inaweza kulichimba: unaiambia kompyuta yako ishike namba fulani hapo hapo kwako, na kila kinachoingia kwenye namba hiyo kipitishwe ndani ya SSH mpaka getini, kisha geti ikifikishe kwa databesi. Programu yako ya ripoti itadhani databesi iko ndani ya laptopu, na ukuta hauongezwi hata tundu la sindano. Nikamwandikia amri ya mstari mmoja. Kwake ishike 5433, huko mwisho itokee 5432. Nikamwambia na programu ya ripoti aielekeze kwenye 5433. Akanishukuru kwa sauti ya mtu aliyeagiza pilau akaletewa ugali.

Baada ya hapo akanyamaza, nami nikafurahi. Kumbe kimya kile kilikuwa cha mtu anayefanya utafiti.

Mapokezi alikaa mama mmoja kutoka Kitui, mwimbaji wa kwaya, ambaye aliandika kwa vidole viwili na kuwapita wanaoandika kwa kumi. Kila mtoto aliyeingia, yeye ndiye aliyemwandika: jina, chanjo, tarehe ya kurudi. Alikuwa na wanawe wawili sekondari, na mshahara ule ndio uliokuwa ukiwaweka darasani. Siku moja alinipigia, akaniuliza kama kompyuta inaweza kumlia mtu kazi yake. Nilidhani anatania. Nikamwambia ikiila itatapika.

Hakucheka. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ameingia ndani ya databesi yenyewe na hakuona mtoto hata mmoja aliyeandikwa tangu kabla ya mvua ndefu. Mama akamwonyesha skrini yake, majina yamejaa. Daktari akamwambia kwamba hiyo ni skrini tu. Skrini huonyesha kile ulichokigusa, databesi huonyesha kile ulichokifanya. Sentensi tamu. Haina maana yoyote, lakini nakiri ni tamu, na ukiisema huku umevaa tai inaweza kumfukuzisha mtu kazi.

Kamati ya kliniki ikaitwa. Walikuja watu watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mzee wa Shauri Moyo mwenye duka la vitambaa, mtu wa msikiti, mpole. Nami niliitwa ili nithibitishe kwamba databesi haisemi uongo. Tulikaa chumba cha nyuma kinachonuka dawa, na kupitia ukutani tuliwasikia watoto wakilia mmoja mmoja, kila mmoja akithibitisha kwa sauti yake kwamba chanjo zinaendelea. Hakuna aliyeona ajabu. Mama mzazi yeyote pale nje alikuwa na kijitabu cha mtoto chenye mihuri ya juzi na jana, na hakuna aliyetoka kwenda kuomba hata kimoja. Kulikuwa na laptopu ya Daktari mezani. Penye laptopu, kijitabu ni nani?

Daktari alizungumza kwa muda mrefu kuhusu uwajibikaji. Kisha mwenyekiti akamgeukia mama wa mapokezi, kwa upole wake wote, akamuuliza ana la kusema. Nilitegemea awake. Alitazama mikono yake, akasema, "Labda nilikuwa sibonyezi vizuri. Mnisamehe."

Damu ilinipanda. Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia wanaume wazima walioitikia kwa vichwa, wakifurahi kwamba mambo yanakwisha mapema na watawahi swala na chakula. Daktari hata alikuwa ameanza kufunga laptopu. Nikamwomba, kwa heshima niliyoikusanya kwa shida, atuonyeshe jinsi anavyoingia.

Alifurahi kuonyesha. Akawasha intaneti ya simu, akafungua ile skrini nyeusi ambayo nadhani aliipenda kwa kuwa ilimfanya aonekane mtu hatari, akaandika amri. Nikaona mara moja. Pale nilipokuwa nimeandika 5433 kwa upande wake, yeye alikuwa ameweka 5432. Nikamuuliza kwa nini. Akasema programu yake ya ripoti tangu zamani ilitumia 5432, kwa hiyo hakuona haja ya kuisumbua programu. Alisawazisha amri yangu kidogo. Kusawazisha. Mtu akiweka chumvi kwenye chai ya mwenzake atasema pia amesawazisha.

Chini ya amri, mashine iliandika malalamiko yake waziwazi: anwani hiyo tayari inatumika, 5432 haisikilizwi, handaki limeshindikana. SSH ina tabia moja mbaya. Usipoiamuru ikate mawasiliano handaki likishindikana, italalamika mara moja kisha itakuingiza getini kama kawaida, nawe utaona umefika. Nikamwonyesha ile mistari kwa kidole. "Hiyo huwa inaandika tu," akasema Daktari, na akaipandisha juu isionekane.

Basi kitu gani kilikuwa kimekalia 5432 ndani ya laptopu yake? Nikamuuliza kama aliwahi kuwekewa databesi humo ndani. Akafikiri. Aliyekuwa na kazi yangu kabla yangu alikuwa amemwekea nakala kamili ya databesi yetu kama ilivyokuwa siku hiyo, jina la mtumiaji na nywila zile zile, ili awaonyeshe wafadhili hotelini hata mtandao ukikatika. Lini? Kabla ya mvua ndefu, akasema, na hata baada ya kusema haikumgusa. Debe tupu haliachi kuvuma, na wala halijisikii.

Ningeweza kueleza. Nilijua nikieleza, watatu wale watanitazama kama redio ya lugha ngeni, kisha Daktari atasema tumshukuru dada kwa maelezo yake ya kitaalamu. Nikasema, "Daktari, zima intaneti ya simu. Sasa tafuta mtoto yeyote."

Akazima. Akaandika jina. Mtoto wa kabla ya mvua akatokea, na chanjo zake, na tarehe zake. Akatafuta mwingine, akatokea pia, haraka kabisa. Seva iko mjini na laptopu haina hata uzi wa mtandao, lakini majibu yanamiminika, na Daktari alikuwa anaanza kutabasamu kwa jinsi mfumo wake ulivyo imara.

Mwenye duka la vitambaa ndiye aliyeelewa. Alisogeza kiti, akauliza polepole, "Kwani huyu anazungumza na nani?"

"Na nafsi yake," nikasema.

Sikusubiri ruhusa. Niliwasha tena ile intaneti, nikaifunga ile skrini, nikaandika amri kama nilivyoiandika mara ya kwanza, 5433, na safari hii nikaongeza sharti kwamba handaki likikataa, SSH ikate. Halikukataa. Nikaielekeza programu ya ripoti huko. Majina yakashuka. Ya kabla ya mvua, ya wakati wa mvua, ya baada ya mvua, mpaka ya watoto waliokuwa wakilia nyuma ya ukuta asubuhi ile ile. Yote yalikuwa na jina la mama wa mapokezi pembeni. Mjumbe mmoja alikohoa na kutazama saa.

Mgala muue na haki yake umpe. Daktari alijirudi haraka kuliko nilivyotarajia, ingawa hakurudi alikotoka. Alisema kumetokea changamoto ya mfumo. Alisema ni vizuri kwamba imegunduliwa mapema. Alipendekeza niandike mwongozo ili jambo hili lisirudiwe na watumishi, nami nikamuuliza watumishi gani, akajifanya hakusikia, na nafikiri mara hii hata ningemwita Daktari asingesikia. Mwishowe akamshukuru mama wa mapokezi kwa ushirikiano wake. Ushirikiano. Mama alikuwa ameketi pale kama mwizi, akaombwa kukiri, akakiri, na hilo likaandikwa kuwa ushirikiano. Neno la samahani lilitamkwa mara moja tu katika mkutano ule, na mama huyo ndiye aliyelisema.

Tulipotoka nilimfuata mama ukumbini. Nilitaka tucheke pamoja, nilikuwa na masimango ya kutosha mpaka Kariobangi. Akaniambia nisiongee kwa nguvu. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa nimeshaamini. Usiku nilikuwa nawahesabu wale watoto kichwani, na nikaanza kuwaona hawapo."

Akarudi mezani kwake. Foleni ilikuwa ndefu. Mwanamke wa kwanza aliketi na mtoto mgongoni, akatoa kijitabu, na mama akaandika kwa vile vidole viwili. Alipomaliza hakubonyeza kuhifadhi. Aliigeuza skrini mpaka yule mwanamke akaiona, akamwelekeza kwenye jina la mtoto.

"Umeona nimemwandika?" akamuuliza.

Mwanamke akashangaa, akasema ameona. Mama akabonyeza, akamwita anayefuata, na huyo naye akamgeuzia skrini.