Makosa Yaliyowekwa Upande wa Kulia

Andika nisemavyo, mjukuu wangu, wala usinirekebishe. Darasani sikuingia hata siku moja, lakini maneno yaliyosomwa kwenye mabasi ya kampuni yetu hapa Tanga yalitoka mkononi mwangu. Nilikuwa mchora vibao. Karani aliniandikia neno karatasini, nami nikalichora kama mtu achoravyo jani.

Makarani watatu wa kwanza waliandika kila mmoja apendavyo. Basi moja la kwenda mpakani likawa HOROHORO, la pili HORO HORO, la tatu HOLOHOLO. Bibi mmoja wa mtaa wa Mabawa akakataa kupanda hilo la tatu. Huko, alisema, hana jamaa.

Tajiri mwenye kampuni akanijia amefura. "Fundi, kibao kimoja zaidi kikiharibika, brashi utaiacha hapa hapa."

Mke wangu alikuwa mjamzito. Nikamwendea karani mpya, Mpemba mpole, nikamwonyesha vile vibao vitatu.

"Ajabu," akasema. "Kila siku navisoma, naona Horohoro tu."

"Wewe wasoma, bwana. Mimi natazama."

Tukatandaza sakafuni tiketi, matangazo na barua zote za kampuni. Mimi nikakusanya maumbo yaliyofanana, yeye akayasoma. Tiketi ilikuwa pia tikiti na tikti. Tangazo moja lilisema abiria "wanaombwa", jingine "wasithubutu". Akaamua: jina la mahali liandikwe kama waliandikavyo wenyeji wake, neno jingine lifuate umbo lililotumika zaidi, kila tangazo lianze na "Tafadhali". Yote akayatia katika ukurasa mmoja, safu mbili: andika hivi, usiandike hivi. Akautundika gereji, akaenda kula.

Nami nikachora kibao kipya, kikubwa, chekundu. Tajiri alipokiona alishika kiuno.

"HOLOHOLO! Tena kwa herufi za kuonekana toka ufukweni Raskazone! Weka brashi chini."

"Nimefuata karatasi, tajiri."

"Safu gani?"

"Ya kulia. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, ndio wa kupokelea heri. Nani mwenye akili zake ataweka uchafu kulia?"

Tajiri akamgeukia karani, ambaye bado alikuwa na wali kidevuni.

"Umesikia, msomi? Makosa umeyaweka kulia, na hata alama hukuyatia!"

Karani akaandika upya. Neno sahihi likakaa kulia, peke yake, kwa wino mweusi. Makosa yakaenda kushoto, kila moja limekatwa kwa mstari mwekundu. Chini akaongeza: neno jipya lisitumike kabla halijaingia hapa.

Tajiri akaokota brashi, akanirudishia. "Huyu abaki. Na kila kanuni mpya ajaribiwe nayo yeye kwanza. Asipokosea yeye, hatakosea mtu."

Nikabaki. Sasa lete hiyo karatasi yako niitazame. Horohoro umeiandika kwa pamoja, au umeipasua?