Salamu Zilizoozesha Mahindi

Nilipochaguliwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima, huku Kachibora, mwenyekiti alinikabidhi kitu kimoja tu: salamu. Kila tangazo la WhatsApp lilipaswa kuanza na Bwana asifiwe na asalaam aleikum, maana tuna wenzetu Waislamu wa mjini Kitale, kisha wazee, kina mama, vijana, na itifaki yote. Aliyenitangulia aliwahi kuwasahau vijana, wakanuna hadi mavuno. Mimi ni mwoga wa lawama, kwa hiyo nikazidisha sukari.

Mvua ilipotukuta tukivuna, nikamimina salamu zangu. Chini kabisa, baada ya neema na uzima, nikasema mashine ya kukausha mahindi itakuwa kwetu kesho tu, kisha irudi Bungoma.

Jirani yangu, mjane mwenye magunia kumi na mawili ya mahindi mabichi, hakuja. Siku chache baadaye nikamkuta akichambua punje zilizoshika ukungu.

"Si nilituma ujumbe, mama?"

"Niliuona hapo juu kwa simu. Ulisema Bwana asifiwe, nikasema amina, nikaendelea na kazi. Nikifungua kikundi, mwenyekiti ataona nimesoma na zake, aniulize mbona sijaitikia."

Ni kweli. Mwenyekiti huwakagua waliosoma kama mwalimu wa zamu. Nikawapigia simu wenye mashine. Ilikuwa Kabuchai, huko Bungoma, na foleni ilikuwa ya wiki nzima. Magunia yote kumi na mawili yakatupwa. Niliona aibu, na bado ninaiona.

Nikaiweka simu ya mume wangu mezani ikiwa imefungwa, nikamtumia tangazo lile lile. Kioo kilionyesha jina langu, na salamu zikakatikia kwa wazee. Mashine haikuonekana popote. Basi safari iliyofuata nikaanza hivi: "Alhamisi saa mbili asubuhi, Kachibora: mashine ya kukausha mahindi." Salamu nikazishusha mkiani. Watu wakajaa, wengine bila hata kufungua ujumbe.

Mwenyekiti akanipigia. "Katibu, ati unaanza na mashine? Si sisi ni watu, bana."

Nikamwomba radhi na sikubadilisha neno.

Wiki mbili baadaye, mchana, wingu jeusi likashuka kutoka Cherangany. Simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti, kwenye kikundi: "Leteni turubai kwangu sasa hivi, mahindi yangu yako nje." Hakukuwa na Bwana wala itifaki, na vijana hawakutajwa. Nikabeba turubai langu, na kabla ya kutoka mlangoni nikamjibu: "Mwenyekiti, hata salamu?"

Nilipofika, jirani yangu alikuwa ameshatangulia na nusu ya mahindi ya mwenyekiti yalikuwa yamefunikwa. Mwenyekiti akamshukuru kwa kukimbia haraka hivyo.

"Turubai langu halina kazi," mjane akamwambia, akivuta pembe iliyobaki. "Sina mahindi ya kufunika."