Magunia Mia ya Bure

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mashine yangu ya kukoboa mpunga hapa Kisesa sikuachiwa na mtu. Nimeinunua kwa jasho. Ndiyo maana mota ilipoungua niliapa haitalala, nikaingia madeni mawili kununua mota mpya.

La kwanza, laki sita za mkopeshaji wa mtaani, hawa wanaoitwa kausha damu. Kila mwezi nampa riba laki na ishirini, na laki sita zake ziko palepale. Nikikosa kumlipa, anabeba mota. La pili, muuza mota: alibaki ananidai laki sita, laki moja kila mwezi kwa miezi sita, bila riba.

Nikaenda Nyamagana benki, na mke wangu. Binti wa mikopo akaniamkia, "Shikamoo babu," akapiga hesabu.

"Tunayaunganisha yote, milioni moja na laki mbili. Unalipa elfu sabini na moja tu kwa mwezi, miaka miwili."

Mke wangu akashusha pumzi. "Kutoka laki mbili na ishirini! Baba, sema ndiyo twende nyumbani."

"Jumla yake?"

"Milioni moja, laki saba na elfu nne."

Mimi fedha nazihesabu kwa magunia. Kukoboa gunia ni elfu tano. Ziada juu ya deni, laki tano na kidogo, ni magunia mia moja, ninayakobolea benki bure!

"Muuza mota hanidai riba," nikasema. "Kwa nini nihamishe deni lake hapa likaanze kuzaa?"

"Ukimlipa mapema hakupunguzii kitu?"

"Hata mia."

Binti akatabasamu. "Basi huyo muache, babu. Tumlipe wa riba peke yake."

Laki sita, miezi sita: laki moja na elfu kumi na moja kwa mwezi, na ada elfu ishirini. Jumla laki sita na themanini na sita. Kwa kausha damu, miezi sita hiyohiyo ningetoa riba laki saba na ishirini, na deni lake bado limesimama.

"Kwa mwezi umepunguza elfu tisa tu!" mke wangu akafoka. "Tutakula pumba?"

"Tutakula pumba miezi sita. Siyo miaka miwili."

Alininunia mpaka Kisesa. Sikujali. Mboga tulikula mchicha, na mashine ilinguruma tangu alfajiri.

Benki ilimlipa kausha damu moja kwa moja. Wiki haikuisha akaja na pikipiki yake, anachekacheka. "Mzee, umekuwa mteja mzuri. Chukua tena, hata laki tatu."

Nilikuwa nimeshika mkanda wa mashine. Mke wangu, yule aliyeninunia, ndiye aliyemjibu kabla yangu.

"Sogeza pikipiki hiyo. Watu wanapitisha magunia."

Miezi sita ilipoisha, nilimaliza madeni yote mawili, la benki na la mota, siku moja. Pumba tukawauzia wafuga kuku.