Mshale wa Chaki Nyekundu

Tarehe 10 Julai 2023 Benedicta Tluway, binti wa wakulima wa mahindi na maharage wa Rhotia, aliripoti kidato cha tano katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Karatu. Daftari la mapokezi linaonyesha kuwa siku hiyo ndiye pekee aliyekuja na mashine ya breli, inayochapa nukta za kusomwa kwa vidole.

Haoni tangu utotoni. Shule haikuwa na mwalimu wa wanafunzi wasioona, kwa hiyo mkuu wa bweni alimkabidhi kwa msichana wa kitanda cha jirani, Angela Mughwai. Wazazi wa Angela walitoka Singida kuja kuchuma kahawa katika shamba moja la Oldeani, wakabaki. Angela ana sauti kubwa na hacheleweshi neno. Akawa msomaji wa ubao wa Benedicta, dawati moja, kila kipindi.

Vipindi vingi havikuwa na shida. Sentensi ya ubaoni ukiisoma ni sentensi. Shida ilianzia kwa Mwalimu Fredrick wa Kiswahili, anayependa ramani za mawazo. Anaandika mada katikati ya ubao, anaizungushia duara, halafu darasa linarusha mawazo na yeye anachora matawi kila upande. Siku ya kwanza Angela alisoma kama macho yalivyomtuma: juu, chini, kushoto, kisha juu tena. Benedicta alipopitisha vidole kwenye karatasi yake alikuta rundo la maneno lisilo na baba wala mama.

Wakatengeneza utaratibu wao. Angela anaanza na duara. Halafu anataja tawi moja na idadi ya vitawi vyake, ambavyo wao waliviita vitoto, kabla ya kuvisoma. Akimaliza tawi anasema "narudi", na Benedicta anajua wamerudi katikati. Mwisho kabisa Benedicta anauliza swali lilelile: "Kuna mishale?" Kwa sababu mwalimu huwa anaunganisha mambo ya matawi mawili tofauti, na mshale ukipotea hakuna kitu kingine kitakachoonyesha kuwa ulikuwepo.

"Tawi la pili, ajira. Vitoto vitatu," Angela alisema kwa kunong'ona. "Waongozaji, wapagazi, na huyu wa tatu simwelewi."

"Msome hivyohivyo."

"Bene, mwandiko wa huyu mzee ni wa daktari. Labda ni dawa ya kikohozi."

Kutoka hapo kazi ilikuwa ya Benedicta, na aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote darasani. Ramani haina mwanzo, insha inao. Neno la katikati aliligeuza kuwa sentensi kamili inayojibu swali, akaiweka juu peke yake. Kila tawi kubwa alilipa namba ya Kirumi na kulianza ukingoni mwa karatasi. Vitoto alivipa herufi, nafasi mbili ndani. Mifano na ushahidi alivipa namba za kawaida, nafasi mbili ndani zaidi. Kidole kikishuka ukingoni kinakutana na hoja kuu tu. Kikiingia ndani kinakutana na kile kinachozibeba. Tawi lenye kitoto kimoja alikiunganisha na mzazi wake katika mstari mmoja, kwa sababu kitu hakigawanyiki katika kipande kimoja. Mpangilio wa matawi aliubadilisha kila mara. Mwalimu alichora kwa kufuata nani amenyoosha mkono kwanza; insha haijali nani amenyoosha mkono.

Jioni alimsomea Angela mpango huo wa insha, naye Angela akaunakili. Insha za Angela zikaanza kupata alama ambazo hakuwahi kuzipata. Hilo halikumsumbua Benedicta. Aliliona ni haki ya anayemkopesha macho.

Septemba 2024, wakiwa kidato cha sita, shule ilitakiwa kutuma mwanafunzi mmoja kwenye mashindano ya insha ya mkoa, Arusha. Benedicta alilitaka hilo kuliko alivyotaka kitu chochote tangu alipofika. Anataka kuwa mwalimu, na mjomba wake Yohana alikuwa amesema mezani, mbele yake, kwamba asiyeona hawezi kusimama mbele ya darasa lenye ubao. Arusha ingekuwa jibu.

Mwalimu Fredrick aliweka utaratibu. Mada: "Utalii umewanufaisha wakazi wa Karatu. Jadili." Darasa lote lingejenga ramani moja ubaoni, kisha kila mmoja ageuze ramani ile kuwa mpango wa insha. Mpango bora ndio uende.

Benedicta alichapa, Angela akasoma. Ajira, vitoto vitatu. Narudi. Soko, vitoto vitatu: mboga za hotelini, maziwa, vitunguu. Narudi. Barabara na umeme. Narudi. Utamaduni, kitoto kimoja, ngoma za wageni. Narudi. Ardhi, vitoto vitatu: bei ya viwanja, malisho, maji.

"Kuna mishale?"

"Hakuna."

Mpango wake ulikuwa msafi. Utamaduni aliuunganisha na ajira, maana ngoma za wageni ni kazi ya kulipwa. Sehemu tatu za faida, moja ya hasara, maji yakiwa herufi ya mwisho chini ya ardhi. Alipoupitia kwa vidole alihisi kuna kitu kimepungua. Sehemu hazikuwa zinasukumana. Faida zilikaa upande wake, hasara upande wake, kama watu waliogombana kwenye benchi la kanisa. Lakini alikuwa ameuliza, na alikuwa amejibiwa. Alikwenda akamsomea mwalimu, naye akaunakili.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alitangaza.

"Benedicta, mpango wako ni nadhifu, ngazi zote za namba na herufi zimekaa. Ila umeniletea orodha ya faida na hasara. Hoja iko wapi?" Halafu akasema, "Angela, mpango bora ni wako. Simama utusomee."

Angela alisoma haraka, bila ile sauti yake kubwa. Sentensi ya juu ilisema utalii umewanufaisha baadhi kwa gharama ya majirani zao. Sehemu ya nne ilisema: wanaouza mboga hotelini wanamwagilia kwa maji ya mto uleule ambao walio chini wanautegemea kunywesha mifugo, hivyo soko la mmoja linakuwa kiu ya mwingine.

"Ndiyo maana nilichora ule mshale!" mwalimu alisema kwa furaha. "Kati ya watu wote, mmoja tu ameupa sehemu yake."

Benedicta aligeuka nyuma, kwa Noel, mvulana wa dawati la nyuma.

"Noel, ubaoni kulikuwa na mshale?"

"Ule wa chaki nyekundu? Ulikata ubao mzima, kutoka mboga mpaka maji. Mwalimu akaandika juu yake 'nani anakosa?' Kwani Angela hakukusomea?"

Benedicta akageukia mbele. Angela alikuwa amekaa tayari, bega lake likigusa la Benedicta kama siku zote, kwa sababu dawati ni fupi.

Jioni Benedicta alimfuata bombani, mahali pa kufulia. Baridi ya Karatu ilikuwa imeshashuka na wasichana wengine walishaondoka.

"Niliuliza kama kuna mishale."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye beseni.

"Uliuliza," Angela alisema.

"Ukasema hakuna."

"Nikasema hakuna." Alifunga bomba. "Bene, tangu kidato cha tano mimi nasoma, wewe unasifiwa. Mwalimu anasema 'Benedicta na macho yake.' Amewahi kuniita jina mbele yako? Mimi ni macho tu. Nilitaka mara moja niwe mtu."

"Na ngazi ulijifunza kwa nani?"

"Kwako. Sijakataa."

"Mara ngapi nyingine ulisema hakuna?"

"Ni hiyo moja. Nakuapia."

"Nitajuaje?"

Swali hilo ndilo lililomtoa Benedicta machozi. Karatasi zake zote za zaidi ya mwaka, zilizojaa sandukuni, zilikuwa zimechapwa kwa neno la mtu huyu. Hakuwa na njia ya kurudi kwenye ubao wa siku yoyote kati ya hizo. Ramani zote zilishafutwa.

Jumatatu alikwenda ofisi ya walimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Benedicta. Kaa."

Alimweleza. Mwalimu Fredrick alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti karibu na kushusha sauti.

"Jina limeshakwenda Arusha. Nikilirudisha nitaulizwa kilichotokea. Wataniuliza kwa nini sikusema kwa sauti ninachochora, wakati nina mwanafunzi asiyeona darasani. Unaelewa?"

"Naelewa, Mwalimu. Ulitakiwa useme."

"Nilitakiwa." Alipangapanga karatasi mezani. "Wewe una kipaji. Nafasi zitakuja. Sasa nikuombe kitu. Mwenzako yuko dhaifu kwenye ngazi, wewe ndiye bingwa. Pitia naye ule mpango kabla hajaondoka. Ni jina la shule."

Benedicta anasema ombi hilo lilimuuma kuliko mshale wenyewe. Angela angalau alijua amefanya nini.

Hata hivyo alikubali. Walikaa darasani baada ya chakula cha mchana, Angela akasoma mpango wake polepole, akitaja namba na herufi kama zamani. Alipomaliza hakusema "narudi".

"Kuna kosa?" Angela aliuliza.

Benedicta alikuwa amelisikia mapema. Angeweza kusema hakuna. Neno lilikuwa mdomoni, anakiri, na lilikuwa jepesi.

"Maji umeyaweka mara mbili," alisema. "Yako chini ya ardhi, na yako tena kwenye sehemu ya mshale. Kwenye ramani kitu kinakaa kwenye tawi lake na mshale unakigusa kutoka mbali. Kwenye mpango hakuna mshale. Lazima uchague kinakaa wapi, la sivyo utaandika aya moja mara mbili na msahihishaji atachoka na wewe. Yatoe kwenye ardhi. Yabaki kwenye sehemu ya mshale, na sehemu hiyo ije baada ya soko na ardhi, si kabla, ili msomaji awe ameshavijua vyote viwili unapoviunganisha."

Ilisikika kalamu ikikata mstari.

"Asante, dada."

"Usiniite dada."

"Bene..."

"Kuanzia kesho sikai hapa."

Angela atasafiri kwenda Arusha Jumamosi, kwa gari la shule, pamoja na Mwalimu Fredrick. Benedicta amehamia dawati la Noel. Noel anasoma taratibu na anarukaruka matawi, kwa hiyo wameanza upya, kuanzia kwenye duara. Akimaliza, Benedicta anauliza kama kuna mishale, kisha anamuuliza swali hilohilo mwanafunzi wa dawati la mbele.